Usiku wa Kwanza katika Minecraft: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo wapwa zangu na rafiki zao hapa Wete huniuliza kila wanapofungua dunia mpya, wengi wao wakicheza kwenye simu. Yanahusu hali ya kunusurika, yaani Survival, kuanzia dakika unapotua mpaka kunapopambazuka siku ya pili. Kila kitu katika dunia hiyo kimejengwa kwa vipande vya mraba, navyo hapa tutaviita matofali, hata pale ambapo kipande chenyewe ni udongo au jani.

## Mambo ya mwanzo

Nina muda gani kabla giza halijaingia?

Siku nzima ya mchezo ni dakika 20 za saa yako ya ukutani. Mchana huchukua dakika 10, magharibi dakika moja na nusu, usiku dakika 7 hivi, kisha alfajiri dakika moja na nusu. Kitanda hukubali kulaliwa kuanzia kiasi cha dakika 10 na nusu tangu asubuhi ianze, kwa hiyo anayeanza ana kama dakika kumi za kufanya kila kilichoelezwa hapa. Wengi huzipoteza dakika tatu za mwanzo kwa kutembea wakitafuta mahali pazuri pa kujenga, hali ya kuwa bado hawana hata kijiti mkononi.

Nianze kukusanya nini?

Anza na magogo. Simama mbele ya mti, shikilia kidole juu ya shina mpaka gogo likatike, ukiwa mikono mitupu, kwani kila gogo huchukua sekunde 3 tu. Usihangaike kuyakata majani yote.

Hesabu ya magogo inafaa kujulikana mapema. Gogo moja hutoa mbao 4, na mbao 2 hutoa vijiti 4. Meza ya fundi hula mbao 4. Sururu ya mbao hula mbao 3 na vijiti 2. Kasha hula mbao 8. Mlango hula mbao 6, nao hutoka milango mitatu kwa mpigo. Kitanda hula mbao 3. Ukiongeza vijiti 12 vya sururu hiyo, sururu mbili za mawe, shoka, upanga na mienge, jumla yake ni mbao 30, yaani magogo 8, na zinabaki mbao 2 za kuwashia moto. Magogo mengine 3 yatageuzwa mkaa, kama inavyoelezwa katika swali la makaa hapa chini. Jumla ni magogo 11. Mimi huwaambia watoto wakate 12 kisha waondoke, kwa sababu anayebaki msituni kukata 40 hukutwa na jua likizama bado yuko chini ya mti.

Kwa nini nisitengeneze zana zote za mbao kwanza?

Kwa sababu utazitupa baada ya dakika mbili. Zana ya mbao unayoihitaji kweli ni moja, nayo ni sururu, na kazi yake ni kuvunja mawe matatu ya kwanza ili utengeneze sururu ya mawe. Sururu ya mbao huvunjika baada ya kutumika mara 59, ya mawe hudumu mara 131 na hufanya kazi kwa kasi zaidi. Tena, ukivunja jiwe kwa mkono, jiwe hutoweka na hupati kitu. Kadhalika chuma kikivunjwa kwa sururu ya mbao hakianguki kitu chochote, hivyo ukikiona chuma mapema kiache mahali pake mpaka uwe na sururu ya mawe.

## Makazi

Nijenge nyumba au nichimbe shimo?

Siku ya kwanza, chimba kwenye ubavu wa kilima. Jibu hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa hesabu badala ya kulisisitiza kwa sauti.

Chukua nyumba ndogo ya mbao, matofali 5 kwa 5 ukipima kwa nje, kuta zenye urefu wa matofali 3 na paa la bapa. Mzingo wake ni matofali 16, ambayo mara 3 ni 48, ukitoa 2 ya mlango yanabaki 46. Paa ni matofali 25. Jumla ni mbao 71, sawa na magogo 18, juu ya yale 11 tuliyoyataja. Na baada ya kuyapanga yote moja moja kwa kidole kwenye kioo cha simu, bado huna jiwe hata moja, kwa hiyo huna tanuri wala sururu ya maana.

Sasa chukua shimo. Chumba cha matofali 3 kwa 3 chenye kimo cha matofali 2 ni matofali 18, na njia ya kuingilia ni 2. Jumla ni mawe 20, ambayo yote yanaingia mfukoni mwako. Mahitaji ya mawe ya siku ya kwanza ni tanuri kwa mawe 8, sururu mbili kwa mawe 6, shoka kwa mawe 3 na upanga kwa mawe 2, yaani 19. Shimo la kulalia linakulipa karibu kila jiwe unalolihitaji, na limebaki moja la akiba. Mwenye nyumba ya mbao hana budi kuchimba mawe hayo hayo baadaye, ila sasa atayachimba gizani.

Chumba cha 3 kwa 3 si kidogo mno?

Sakafu yake ni matofali 9. Kitanda kinachukua 2, meza ya fundi 1, tanuri 1 na kasha 1, na hivyo unabaki na 4 za kusimama. Kwa usiku mmoja panatosha. Kesho utapanua kwa kuchimba zaidi ndani, na kila jiwe utakalolitoa lina kazi yake. Vitu vyote hivyo viweke ukutani mwa nyuma, mbali na mlango. Sababu yake utaiona katika kisa cha mpwa wangu.

Nikiziba mlango kwa mawe pande zote, je, hewa haitaniishia?

Haitakuishia. Katika mchezo huu pumzi hukatika ukiwa chini ya maji, au tofali likikaa pale kilipo kichwa chako, kama inavyotokea mchanga au changarawe ikikuporomokea. Tanuri nalo halitoi moshi wa kudhuru hata likiwaka usiku kucha chumbani, tofauti kabisa na jiko la mkaa la nyumbani, ambalo asithubutu mtu kulala nalo milango ikiwa imefungwa.

Mwenge mmoja unatosha chumbani?

Kwa chumba cha 3 kwa 3, ndiyo, tena na ziada. Mwenge hutoa mwanga wa kiwango cha 14, na mwanga hupungua kiwango kimoja kwa kila tofali unaloliacha nyuma. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, mazimwi mengi ya usiku huzaliwa pale tu ambapo mwanga wa mienge na mataa umefika sifuri. Kabla ya hapo ilitosha uwe kiwango cha 7 au chini yake, na ndiyo maana maelekezo ya zamani yanakuambia ubandike mienge kila hatua mbili.

Jambo lisiloelezwa mara nyingi ni kwamba mazimwi hayazaliwi karibu nawe, bali kuanzia umbali wa takriban matofali 24. Kwa hiyo ukijifungia katika chumba kidogo chenye giza, zimwi halitazaliwa miguuni pako. Hatari ya chumba kisicho na mwenge huja unapotoka kwenda mbali, kisha ukarudi na kufungua mlango ukidhani ni kwako peke yako.

Nimetua mahali pasipo na kilima. Nifanye nini?

Chimba chini kwa ngazi, tofali moja mbele na moja chini, mpaka upite udongo na kufikia jiwe, ambalo kwa kawaida liko matofali machache tu chini ya majani. Kisha ziba juu yako kwa udongo ulioutoa. Usichimbe kamwe tofali ulilolikanyaga, kwa sababu hujui kama chini yake pana pango au lava, na ukianguka utapoteza kila kitu kabla hujapata muda wa kujuta.

Jangwani ni tofauti: mchanga huanguka, na miti ya magogo haipo. Hapo usijenge kitu. Tembea kuelekea upande mmoja mpaka uone majani ya kijani.

## Moto, chakula na kitanda

Sioni makaa ya mawe popote. Nitapataje mwanga?

Choma magogo. Weka gogo sehemu ya juu ya tanuri na mbao sehemu ya chini kama kuni, na baada ya sekunde 10 utapata mkaa. Kwetu tanuu la mkaa hufukiwa kwa udongo na kulindwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo watoto wa shamba hucheka wakiuona upesi huu, lakini wazo lenyewe wanalielewa mara moja kuliko wale wa mjini. Mkaa hufanya kazi ile ile ya makaa ya mawe: mmoja pamoja na kijiti kimoja hutoa mienge 4, na ukiutumia kama moto unapika vitu 8.

Hizo ndizo zile mbao 2 zilizobaki katika hesabu ya magogo. Ubao mmoja unachoma kitu kimoja na nusu, kwa hiyo mbao 2 zinachoma magogo 3 sawasawa, nawe unapata mikaa 3: miwili kwa mienge 8, na mmoja kwa kupikia nyama.

Nitafute chakula kwanza au kitanda kwanza?

Watafute kondoo, na utakuwa umevitafuta vyote viwili. Kitanda kinahitaji sufu 3 za rangi moja na mbao 3. Kondoo anayechinjwa hutoa sufu 1 pamoja na nyama kipande kimoja au viwili, kwa hiyo kondoo watatu weupe wanakupa kitanda na chakula cha usiku. Nyama yake ikiwa mbichi hujaza paja moja tu la njaa kati ya yale kumi unayoyaona chini ya kioo. Ikipikwa hujaza matatu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo usiile mbichi kwa pupa wakati tanuri liko mbele yako.

Ukiwakuta kondoo watano, waache wawili. Ukishapata chuma, vipande viwili vinatengeneza mkasi, na kondoo huyo huyo akinyolewa hutoa sufu 1 hadi 3 kisha huotesha tena baada ya kula majani.

Kwa nini damu yangu haiongezeki ingawa nimeshakula?

Damu hujirudisha yenyewe mapaja ya njaa yakiwa 9 au zaidi. Ukiwa na 7 hufi, lakini huponi. Yakishuka hadi 3 huwezi tena kukimbia, na hiyo ndiyo dalili ya kutazama, kwa sababu mtu hutambua kwamba hawezi kukimbia pale tu anapofukuzwa.

Kondoo hawapo kabisa. Nifanyeje?

Ziko njia mbili. Ukikuta kijiji, chukua kitanda kimoja cha wenyeji, hawatakudai. La si hivyo, nyuzi 4 za buibui hutengeneza sufu 1, yaani nyuzi 12 kwa kitanda kizima, lakini kila buibui hutoa uzi mmoja au miwili, na pengine asitoe hata mmoja, hivyo hiyo si kazi ya usiku wa kwanza. Usiku huo ukeshe shimoni ukichimba mawe. Kesha moja au mbili hazina madhara. Ila ukikaa siku tatu za mchezo bila kulala, yataanza kukushukia mazimwi yarukayo yaitwayo Phantom kila utakapokuwa nje gizani.

## Usiku wenyewe

Nimelala kitandani, mchezo unaniambia kuna mazimwi karibu. Mbona siyaoni?

Yako nyuma ya ukuta. Mchezo hukukatalia usingizi iwapo kuna zimwi ndani ya matofali 8 hivi kila upande, hata kama jiwe zima linawatenganisha. Kisa kifuatacho kinaonyesha namna ya kulitatua.

Mpwa wangu wa miaka kumi na moja alianza dunia mpya mwezi uliopita, nami nikakaa pembeni na saa. Dakika ya pili alikuwa na magogo 12. Dakika ya nne alikuwa na sururu ya mbao na amekwishachinja kondoo wawili. Wa tatu alitumbukia mtoni akavuka ng'ambo. Dakika ya nane shimo lake lilikuwa tayari ubavuni mwa kilima, tanuri linachoma magogo, naye ana sufu 2. Hapo alikuwa na hiari mbili: ajifungie akeshe akichimba, au atoke kumtafuta kondoo wa tatu. Alitoka. Alimpata dakika ya kumi, na alipokuwa akirudi anga ilikuwa imeshakuwa nyekundu na zombi mmoja alikuwa nyuma yake.

Aliingia, akaziba njia kwa mawe mawili, akaweka kitanda, akakataliwa kulala. Zombi alikuwa ukutani akiguna. Nilimwambia aondoe jiwe la chini peke yake na kuliacha la juu. Zombi wa kawaida ana kimo cha matofali mawili, kwa hiyo hapiti kwenye tundu la tofali moja, lakini miguu yake inaonekana na upanga unaifikia. Alimpiga mpaka akaanguka, akaziba tundu, akalala. Njia hii ina kasoro moja: zombi mtoto hupita kwenye tundu hilo bila taabu, kwa hiyo ukimwona mfupi, ziba upesi.

Asubuhi alifungua mlango kwa furaha bila kuchungulia, na kripa, zimwi linalojilipua, alikuwa amesimama nje. Yeye alirudi nyuma kwa wakati, lakini kasha alilolitegesha karibu na mlango lilipasuka na vitu vyake vikatapakaa. Kitanda kilikuwa nyuma kabisa, nacho kilisalimika.

Kumekucha. Kwa nini kripa hajaungua na jua kama wenzake?

Zombi na mifupa yenye upinde huungua jua likichomoza, isipokuwa wakiwa kivulini au majini. Buibui hutulia mchana na hakushambulii usipomwanza. Kripa haathiriki na jua hata kidogo. Tena hana mguno unaomtangaza; unachosikia ni mfoko wa fataki, na kuanzia hapo una sekunde moja na nusu. Ukisikia mfoko, rudi nyuma moja kwa moja badala ya kumvamia, maana ukitoka kwenye masafa yake huacha kufoka na kutulia tena.

Kwa sababu hiyo mimi huweka mlango wa mbao badala ya mawe mara tu usingizi unapopatikana: milango mingi ina nafasi za kuchungulia, jiwe halina.

Zombi anaweza kuvunja mlango?

Katika ugumu wa Hard pekee. Ngazi nyingine atagonga mpaka achoke. Ukicheza Hard, ziba kwa mawe.

## Hali zisizo za kawaida

Nimekufa mbali na shimo langu. Vitu vyangu viko wapi?

Viko pale ulipoangukia, navyo hudumu dakika 5. Saa hiyo huhesabika tu wakati eneo hilo limefunguka, yaani mchezaji yuko karibu nalo. Ukizaliwa upya mbali sana, huwa imesimama. Basi usikimbilie huko usiku bila silaha. Kula, chukua upanga, ngoja kupambazuke, kisha nenda. Ili ukumbuke mahali, washa Show Coordinates katika mipangilio ya dunia ukiwa kwenye Bedrock, yaani toleo la simu, au bonyeza F3 ukiwa kwenye toleo la Java la kompyuta.

Utazaliwa upya kwenye kitanda ulicholalia mara ya mwisho. Kikivunjwa, au kikizibwa pande zote, utarudishwa pale ulipotua mwanzo kabisa, kwa hiyo usihame na kitanda mfukoni halafu ukasahau kukiweka.

Tunacheza wanne kwa hotspot ya simu moja. Kila mmoja awe na shimo lake?

Hapana, mtapoteza nguvu. Mmoja akate miti, mmoja achimbe, wawili watafute kondoo. Lakini vitanda viwe vinne, kwa sababu kwa mpangilio wa kawaida usiku hauruki mpaka wachezaji wote wawe wamelala. Mmoja akikosa kitanda, watatu watalala wakitazama dari. Sufu zinazohitajika ni 12, na hapo kondoo huwa adimu kuliko kitu kingine chochote. Kumbukeni pia kwamba simu yenye dunia hiyo ikizimika, wote mnatoka. Umeme ukiwa wa kusuasua, mwenye chaji nyingi ndiye afungue dunia.

Nimepata chuma kipande kimoja tu siku ya pili. Nikitumieje?

Tengeneza ngao: chuma 1 na mbao 6. Ngao ukiielekeza mbele huzuia mshale na hata mlipuko wa kripa. Kwenye simu huinuliwa kwa kuinama. Vipande vitatu vinavyofuata viwe sururu ya chuma, na vitatu vingine ndoo ya maji, ambayo humwokoa anayechimba karibu na lava. Wengine huanza na ndoo, na wanaochimba chini sana wana haki.